Bibi alikuwa akienda pwani

Mhariri wa hadithi zilizotafsiriwa kutoka Kiingereza hukutana mara nyingi na sentensi kama hii: “Zamani, maji yakipwa, bibi angeenda pwani kuchokoa pweza.” Msomaji hubaki akingoja sharti. Angeenda kama nini?

Kosa hutokana na kitenzi kisaidizi cha Kiingereza chenye kazi mbili: kueleza lililotegemea sharti, na kueleza mazoea ya zamani. Mfasiri akishika kazi ya kwanza tu, huandika “-nge-”, na bibi aliyekwenda pwani miaka yote anageuka mtu ambaye huenda hakwenda kabisa.

Akiandika “bibi alienda pwani”, wakati umepita, lakini msomaji aweza kuelewa ni safari moja. “Bibi huenda pwani” inaleta mazoea, ila “hu-” haina wakati ndani yake. Pasipo neno la kuirudisha nyuma, bibi anaonekana yungali anaenda.

Dawa ya kawaida ni kuunganisha vitenzi viwili: “Zamani, maji yakipwa, bibi alikuwa akienda pwani kuchokoa pweza.” “Alikuwa” inabeba wakati, “akienda” inabeba kurudiarudia. Wapo pia wasemao “alikuwa huenda”.

Umbo hilo nalo lina mtego: “Alikuwa akienda pwani nilipomwita” ni tendo moja lililokuwa likiendelea. Ndiyo maana “zamani” na “maji yakipwa” hayafutwi. Wakati ukishathibitika, aya inaweza kuendelea kwa “-li-” nyepesi: “Aliwapiga juu ya mwamba, akawaanika.”