Bakteria wa maziwa na picha iliyokatwa

Siku hizi mwanafunzi akikwama hupiga picha swali la kitabuni na kulirusha kwa wenzake. Tatizo ni kwamba ukingo wa picha huweza kula kitu ambacho jibu zima linakitegemea. Chukua swali la aina hii: maziwa mabichi yameachwa mezani, na bakteria katika mililita moja wamehesabiwa mara nne. Walikuwa 400, kisha 600, 900, na 1,350. Je, baada ya saa tatu watakuwa wangapi? Kwenye picha, mstari wa muda juu ya jedwali haumo.

Tuanze na kilichoonekana. Ukitoa, unapata ongezeko la 200, 300, halafu 450. Halilingani, kwa hiyo huu si ukuaji wa mstari mnyoofu. Ukigawa kila idadi kwa iliyotangulia, jibu ni 1.5 kila mara. Hapo ndipo unapotambua ukuaji wa kipeo: kila bakteria aliyepo hugawanyika, hivyo wakiwa wengi, wanaoongezeka nao huwa wengi.

Bila mstari wa muda, wengi hudhani kila hatua ni saa moja, wakazidisha 400 kwa 1.5 mara tatu na kupata 1,350. Ukurasa wenyewe, hata hivyo, unasema dakika 0, 30, 60 na 90. Saa tatu ni hatua sita, si tatu. Kanuni sahihi, t ikiwa dakika, ni hii:

N = 400 × 1.5^(t/30)

Kabla ya kuiamini, ijaribu kwa namba ambayo tayari unaijua. Weka t = 60: kipeo kinakuwa 2, na 400 × 2.25 ni 900, sawasawa na jedwali. Sasa weka 180, utapata takriban 4,556, zaidi ya mara tatu ya jibu la awali. Kwa logi utaona pia kwamba bakteria hawa huongezeka maradufu kila baada ya dakika 51 hivi.

Vitabu vingi huishia hapo, na mimi naona ni mapema mno. Endelea hadi saa 24, kanuni itakupa bakteria bilioni 113 katika mililita moja. Bakteria wa kawaida ana ujazo wa karibu maikromita moja ya ujazo, kwa hiyo wangechukua takriban sehemu ya kumi ya maziwa yote. Idadi haifiki huko. Bakteria wanaokula sukari ya maziwa hutoa asidi, maziwa yakachacha na kuganda, na asidi hiyohiyo ikawazuia wao wenyewe kugawanyika. Tena ile 1.5 ni ya joto la siku hiyo pale mezani. Maziwa yakiwa kwenye friji, katika nyuzi 4, bakteria wengi hugawanyika polepole sana, na jedwali lingine lingehitajika.