Kivuli Cheusi Kwenye Taya: Sisti au Ameloblastoma?

Picha ya panorama huonyesha taya zote mbili kwa pamoja, kuanzia sikio moja hadi la pili. Mfupa na meno huzuia miale ya eksirei, ndiyo maana huonekana vyeupe. Pale mfupa ulipoliwa, miale hupenya na filamu huwa nyeusi. Weusi huo hausemi kilichomo ndani yake, kwa kuwa kifuko cha maji, nyama ya uvimbe na hata shimo tupu hutoa kivuli cha rangi ileile. Mwanafunzi anayetaka kuvitofautisha hutazama mahali kivuli kilipoketi, kilivyoshikana na jino, ukingo wake ulivyo, na kilichowatenda majirani zake.

Kazi huanza kwa kuondoa vivuli ambavyo si ugonjwa. Kinachowapotosha wanafunzi wengi ni tundu la kidevu, mahali neva inapotoka kwenye mfupa wa taya la chini. Mara nyingi kivuli chake hukaa karibu na ncha ya mzizi wa gego dogo la pili, kikafanana kabisa na sisti. Lakini mstari mweupe mwembamba unaozunguka mzizi hubaki mzima, na jino lenyewe huhisi baridi likiguswa na pamba iliyopozwa. Ikipigwa picha ndogo ya jino hilo kwa pembe tofauti, kivuli huhama na kuachana na mzizi, jambo ambalo sisti ya mzizi haifanyi. Kingine ni kibonyeo alichokieleza daktari Mmarekani Edward Stafne mwaka 1942. Hicho hukaa karibu na pembe ya taya, chini ya mfereji wa neva, na hakihitaji tiba. Mfereji huo ni alama ya kushikilia: tishu zinazozaa meno ziko juu yake, hivyo maradhi yanayotokana na meno kwa kawaida huanzia juu ya mfereji na kuusukuma chini kadiri yanavyokua.

Sisti inayopatikana kuliko zote ni ile ya mzizi. Chanzo chake ni jino lililokufa, mara nyingi kwa kuoza au kwa kipigo cha zamani. Uambukizi huteremka kupitia mzizi, chembechembe zilizobaki tangu jino lilipoundwa huamka, na kifuko hujengeka kwenye ncha. Kwenye filamu, kivuli ni cha mviringo chenye ukingo mweupe mwembamba, na mstari unaozunguka mzizi umekatika hapo. Kikiwa kidogo, filamu haiwezi kukitenganisha na uvimbe mdogo wa uambukizi usio na maji, na wala hakuna haja, kwani vyote viwili huanzia kwenye jino lilelile lililokufa. Swali la lazima ni moja: jino limekufa kweli? Wanawake wa umri wa kati, hasa wenye asili ya Kiafrika, huweza kuwa na vivuli vidogo kwenye ncha za meno ya mbele ya chini ilhali meno yote yako hai. Huo ni mfupa unaobadilika wenyewe, na kwa miaka kadhaa weusi huo hugeuka taratibu kuwa mweupe. Kung'oa au kutibu mizizi ya meno hayo ni kumwumiza mgonjwa bila sababu.

Ugumu halisi uko nyuma ya taya la chini, palipo na gego la mwisho lililoshindwa kuota. Kila jino lililofichika huzungukwa na mfuko wake, na nafasi nyeusi ya milimita 2 hadi 3 kuzunguka kichwa cha jino ni ya kawaida. Ikizidi milimita 5, sisti ya jino lililofichika hushukiwa. Sisti hii ina tabia moja inayoitambulisha: hushikana na jino shingoni, pale kichwa kinapokutana na mzizi, ikakiacha kichwa ndani ya kifuko na mizizi nje.

Wenzake wawili huiga sura hiyo. Keratosisti hutambaa ndani ya uboho kuelekea mbele na nyuma, ikajaza tawi la taya bila kulivimbisha sana, na hujulikana kwa kurudi baada ya kuondolewa. Ameloblastoma ni uvimbe wa kweli, ingawa kwa kawaida hausambai kama saratani. Huutanua mfupa kuelekea shavuni na ulimini, na mara nyingi huukata mizizi ya meno jirani kama kwa kisu. Kwa mtu mzima huweza kuonekana kama mapovu ya sabuni yaliyosongamana. Kwa kijana, hata hivyo, aina yake yenye chumba kimoja huvaa sura ya sisti ya kawaida, na hapo ndipo makosa hutokea. Tanzania, kati ya uvimbe unaotokana na tishu za meno, ameloblastoma ndiyo inayoonekana zaidi, kwa hiyo haifai kuwekwa mwisho wa orodha.

Tuseme kijana wa miaka 19 amefika na uvimbe wa taya la chini upande wa kulia usiouma. Panorama inaonyesha kivuli cha chumba kimoja chenye urefu wa milimita 40. Mashine hizi kwa kawaida hukuza picha kwa asilimia 20 hadi 30, kwa hiyo ukubwa halisi ni kama milimita 32, na hata hiyo ni makadirio tu. Gego la mwisho limesukumwa hadi karibu na ukingo wa chini wa taya. Kwa mtazamo wa haraka ni sisti ya jino lililofichika. Lakini ukifuatwa ukingo polepole, kivuli hakikomi shingoni mwa jino. Kimeshuka hadi katikati ya mzizi. Ukingo wenyewe una mabonde madogo mawili, na mizizi ya gego la pili imekatwa ncha. Panorama haionyeshi unene wa mfupa, kwa hiyo hupigwa picha nyingine kutoka chini ya taya, nayo inaonyesha gamba la nje limebenuka kuelekea shavuni. Sisti ya jino lililofichika nayo huweza kukata mizizi na kubenua mfupa, ila dalili hizi zikikutana na ushikanaji usio wa shingoni, ameloblastoma ya chumba kimoja hupanda juu ya orodha. Keratosisti, ambayo kwa ukubwa huu isingetarajiwa kuvimbisha hivyo, hufuata.

Kabla ya kukata chochote, sindano huingizwa kuvuta kilichomo. Uji mzito mweupe huelekeza kwenye keratosisti. Damu inayobubujika ni onyo la kusimama, kwani huenda kivuli ni mkusanyiko wa mishipa ya damu. Maji ya manjano hayamalizi shaka, maana sisti na ameloblastoma ya chumba kimoja zote huweza kuwa nayo. Kinachobaki ni kuchukua kipande cha ukuta wa kifuko na kukipeleka maabara, tena kutoka sehemu zaidi ya moja, kwa sababu uvimbe unaweza kujificha kwenye kona moja tu ya ukuta huo. Gego la kijana huyu lisiguswe kabla majibu hayajarudi.