Picha ya ramani ya simu: kwa nini njia ni tatu na saa za kufika ni tofauti?

Umepakia nyanya Chalinze kwenye Kenta, mnunuzi anasubiri Mwenge, Dar es Salaam. Dereva anakutumia kwa WhatsApp picha ya skrini kutoka Google Maps. Unaona mistari mitatu, vipande vya rangi ya machungwa na nyekundu, na kila mstari una muda wake. Uamini upi? Tuisome picha hiyo pamoja, kwa hesabu za mfano.

Mstari wa kwanza unapita Kibaha, Mbezi na Ubungo, kama kilomita 110, saa 2 na dakika 40. Wa pili unaacha Barabara ya Morogoro pale Mbezi, unapita Goba, saa 2 na nusu. Wa tatu unapinda Chalinze kwenda Msata, kisha Bagamoyo na Tegeta, kama kilomita 160, saa 3 kamili. Mstari wa Goba ndio wa bluu iliyokolea, kwa sababu programu imeona ndio wa haraka kwa wakati huo. Ile iliyofifia ni njia mbadala. Haina maana kwamba imefungwa.

Rangi ya machungwa inaonyesha magari yanapunguza mwendo, na nyekundu inaonyesha foleni. Nyekundu ikikolea, mwendo ni mdogo zaidi. Lakini rangi peke yake haikuambii utapoteza muda gani. Tuseme kuna nyekundu ya kilomita 8 kati ya Mbezi na Ubungo, na magari yanakwenda kilomita 12 kwa saa badala ya 48. Kipande hicho kitachukua dakika 40 badala ya 10, yaani umepoteza dakika 30. Njia ya Msata haina nyekundu, lakini imeongeza kilomita 50. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, hizo ni dakika 50. Ndiyo maana njia nyeupe ya foleni bado inachelewa kuliko yenye nyekundu.

Programu inajuaje hayo yote? Haioni magari, inaona simu. Simu zenye huduma ya mahali iliyowashwa hutuma taarifa za mwendo wake, na programu huzichanganya na kumbukumbu za barabara ileile kwa siku na saa kama hizo. Mwaka 2020 msanii Simon Weckert wa Berlin, Ujerumani, alionyesha jambo hili kwa kuvuta toroli lenye simu 99 taratibu barabarani. Kwenye ramani, barabara iliyokuwa tupu ikageuka nyekundu.

Hapo kuna funzo kwa sisi wa vijijini. Barabara ya vumbi isiyo na rangi yoyote haina maana kwamba inapitika vizuri. Huenda hakuna simu za kutosha zilizopita. Daraja likisombwa na mvua usiku, ramani inaweza kuendelea kuonyesha njia kama kawaida.

Pia muda huo umepigwa kwa gari dogo. Haujahesabu Kenta iliyojaa inavyopanda mlima, wala foleni ya mizani ya Vigwaza. Mwenye mzigo aongeze muda wake juu ya ule wa ramani.

Kosa kubwa zaidi ni kutumia picha iliyopoa. Ramani ndani ya simu ya dereva hubadilika kila baada ya muda mfupi, lakini picha aliyokutumia imeganda. Kama inaonyesha muda wa safari na saa ya kufika, unaweza kujua ilipigwa lini: toa muda wa safari kwenye saa ya kufika. Kufika 13:00, safari saa 2 na nusu, basi ilipigwa 10:30, yaani saa nne na nusu asubuhi. Ukiisoma saa tisa alasiri gari likiwa bado Chalinze, haikufai tena. Foleni ya Mbezi inaweza kuwa imekwisha, na Goba ndiko kumejaa.

Angalia pia safari imeanzia wapi. Picha iliyopigwa Morogoro haina hesabu moja na ya Chalinze. Na bando likiisha njiani, mstari unaweza kubaki kwenye skrini lakini rangi za foleni hazisasishwi.

Kwa hiyo kabla ya kumwambia mnunuzi saa ya kufika, mwombe dereva apige picha mpya gari linapoondoka, na nyingine akifika Kibaha. Bado hajafika Mbezi, na hapo ndipo uamuzi wa Goba au Ubungo unapofanyika.