Video ya Harusi Iliyogoma Ukumbini

Saa tatu usiku, katika ukumbi mmoja wa Dar es Salaam, mshereheshaji alishatangaza kwamba sasa tutawaona maharusi tangu utotoni mwao. Taa zikapunguzwa. Muziki ukaanza, sauti ya mama wa bibi harusi ikasikika akisimulia, lakini kwenye kitambaa cheupe hapakuwa na kitu. "Kaka, picha iko wapi?" dijei akaniuliza, kana kwamba nimeificha mfukoni.

Video ile niliihariri mimi, na nyumbani kwangu ilicheza bila kusita. Kosa lilikuwa kwamba niliiandaa kwa ajili ya kompyuta yangu. Ya dijei ilikuwa na umri mkubwa kuliko wa mtoto aliyebeba pete.

Jina la faili liliishia na .mp4, na hapo ndipo wengi tunapojidanganya. MP4 ni kasha tu. Ndani yake mna picha zilizobanwa kwa njia moja na sauti iliyobanwa kwa njia nyingine, na kila njia ya kubana ina jina lake. Mafundi huiita kodeki. Kwa video, kodeki mbili ndizo utakazokutana nazo mara nyingi. H.264 ilitoka mwaka 2003, na karibu kila kompyuta unayoweza kuikuta ukumbini inaielewa. H.265, ambayo pia huitwa HEVC, ilifuata miaka kumi baadaye. Inabana zaidi, kiasi kwamba picha ya ubora uleule huchukua karibu nusu ya nafasi, lakini kuifungua ni kazi ngumu. Kompyuta ya zamani huonyesha picha inayorukaruka, au haionyeshi kitu kabisa huku sauti ikiendelea. Ndicho kilichotupata.

Kasha lako lina nini ndani? Fungua video kwa programu ya VLC kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na J, utaona orodha. Ukisoma H264, uko salama. Ukisoma HEVC, ibadilishe. iPhone nyingi zimekuwa zikirekodi kwa HEVC tangu mwaka 2017 bila mwenye simu kujua. Ukiwa bado hujarekodi, ingia Settings, kisha Camera, kisha Formats, uchague Most Compatible. Huko huko kwenye Camera zima pia HDR, maana rangi za HDR zikipita kwenye projekta ya kawaida huwa zimefifia, bibi harusi anaonekana kama ametoka kuugua.

Kama kazi imeshakamilika kwa HEVC, usianze upya. Programu ya bure ya HandBrake huibadilisha. Chagua mpangilio unaoitwa Fast 1080p30, kasha liwe MP4, sauti iwe AAC. Kisha kwenye sehemu ya Video weka Constant Framerate, yaani idadi ya fremu kwa sekunde isibadilikebadilike. Simu hupenda kuichezea idadi hiyo, hasa kwenye giza, na baadhi ya programu zikikutana na mchezo huo huacha sauti itangulie midomo ya wasemaji kadiri video inavyosonga.

Ukubwa wa faili nao una hesabu yake, na si ngumu. Tuseme video ni ya dakika 8, yaani sekunde 480, nawe umeiweka kwenye megabiti 10 kwa sekunde, kiwango kinachotosha kabisa kwa picha ya pikseli 1920 kwa 1080. Unapata megabiti 4,800. Gawanya kwa 8, ni megabaiti 600. Flashi yoyote inabeba. Video hiyohiyo ukiihifadhi kwa ubora wa 4K na megabiti 100 kwa sekunde, inafika gigabaiti 6. Flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 itaikataa hata ikiwa tupu, kwa sababu mfumo huo haupokei faili moja linalofikia gigabaiti 4. Na gharama yote hiyo unaiingia kwa ajili ya nani? Projekta nyingi za kumbi hazina hizo pikseli.

Hapa kuna ujanja wa wauzaji. Kwenye boksi la projekta huandikwa kwamba inapokea 1080. Kupokea si kuonyesha. Idadi halisi ya pikseli zake inaweza kuwa 1024 kwa 768 tu, na ndani yake picha yako pana inabanwa hadi 1024 kwa 576, na ukanda mtupu juu na chini. Maandishi niliyoyaweka yenye urefu wa pikseli 40, ambayo kwangu yalisomeka kama gazeti, hapo yanabaki na pikseli 21 hivi. Shangazi aliyeketi meza ya mwisho hasomi kitu. Siku hizi siweki herufi zilizo chini ya pikseli 80, tena nene, wala siyasogezi majina karibu na ukingo, kwani kitambaa mara nyingi kimefungwa upande. Umbo la video liwe lile pana la 16 kwa 9. Picha za simu zilizosimama wima naziweka mbili au tatu pamoja ubavu kwa ubavu, vinginevyo mtu anaonekana kama amesimama kwenye mlango uliofunguliwa nusu.

Jambo linalowaponyoka hata wahariri wazoefu ni giza. Projekta haina uwezo wa kutoa rangi nyeusi. Inatoa mwanga tu. Weusi utakaouona ni rangi ya kitambaa chenyewe chini ya taa za ukumbi, na zile balbu za rangi za mapambo zikiwaka, weusi huo ni kijivu. Sehemu za picha zenye kivuli humezwa na kijivu hicho. Picha ya kuvishana pete iliyopigwa usiku, ambayo kwenye simu ina mvuto wake, ukumbini inakuwa ukungu wenye meno. Kwa hiyo ninapohariri kwa ajili ya ukumbi huinua vivuli hadi kwenye kompyuta yangu picha ionekane imezidi mwanga kidogo. Halafu namwomba msimamizi azime taa zilizo karibu na kitambaa, hata kama za mezani zitabaki.

Sauti nitaisema kwa ufupi. Ukichomeka waya wa HDMI, kompyuta huenda ikaipeleka sauti kwenye kispika kidogo cha projekta badala ya mitambo ya dijei, basi rudisha kwenye tundu la spika za masikioni kupitia mipangilio ya sauti. Na kwa kuwa dijei wengine huchomeka upande mmoja tu, hakikisha sauti ya msimulizi iko kushoto na kulia sawasawa.

Usimtumie dijei video kwa WhatsApp kama video ya kawaida, maana itabanwa tena. Itume kama Document, au bora zaidi mpelekee flashi.

Usiku ule tuliokolewa na binamu wa bwana harusi aliyekuwa na kompyuta mpya kwenye gari. Tulihangaika na nyaya dakika 20, mshereheshaji akiwaita watu wacheze. Tangu hapo nafika ukumbini saa kumi jioni, kabla wapambaji hawajamaliza, nikiwa na flashi mbili: moja ina video ya 1080, nyingine ina ileile kwa 1280 kwa 720. Nacheza dakika ya kwanza na ya mwisho kwenye kompyuta itakayotumika, kisha natembea hadi meza ya mwisho na kuketi kwenye kiti cha shangazi.