Kina Ambacho Mwanga Hubaki Asilimia Moja

Mwanga ukiingia ziwani haupungui kwa kiasi kilekile kila mita. Hupungua kwa sehemu ileile ya kile kilichobaki. Tuseme kipima mwanga kilichozamishwa chini kidogo tu ya uso wa maji kinasoma 800, na kwenye kina cha mita 5 kinasoma 400. Nusu imepotea. Mita 5 nyingine zitaacha 200, kisha 100, na kuendelea hivyo.

Kutafuta asilimia moja ni kuuliza 100 igawanywe nusu mara ngapi ili ibaki 1. Mara sita hazitoshi, kwani hubaki 1.6, mara saba hupitiliza. Jibu ni takriban mara 6.64, na kila mara ni mita 5:

```
k = ln(800/400)/5 = 0.139
z = ln(100)/k = 4.605/0.139 = 33
```

Katika mita hizo 33 ndipo kwa kawaida huwekwa mpaka wa chini wa usanisinuru wa mimea midogo ielekeayo majini.

Kosa la kawaida ni kuanzia na kipimo cha hewani. Uso wa maji huakisi sehemu ya mwanga, hivyo ziwa huonekana chafu kuliko lilivyo. Tena vipimo viwili ni vichache: logi za vipimo vingi zisipolala kwenye mstari mmoja, pengine wingu limepita au maji yana matabaka. Hapo `k` moja haifai.