Fahamu: Kwa Nini Mkopo wa Mwalimu Hukataliwa Ingawa Hana Deni Baya

Mwalimu wa Ikutha ajibiwapo na benki kwamba ombi lake la mkopo limekataliwa kwa sababu ya uwezo wa kulipa, asidhani kuwa uaminifu wake umetiliwa shaka. Maana hiyo ni hoja ya hesabu, mbali na ile ya taarifa mbaya za CRB, ambayo dawa yake ni kulipa deni na kudai rekodi irekebishwe.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yakataza jumla ya makato kupita theluthi mbili za mshahara, na kwa watumishi wa umma kipimo ni mshahara wa msingi. Tuchukulie kuwa msingi ni shilingi 36,000: mwalimu hana budi kubakiwa na 12,000. Ikiwa hati yake ya mshahara yaonyesha baki la 14,500, nafasi iliyosalia ni 2,500 tu, na mkopo wenye kato la 4,000 kwa mwezi haupiti.

Basi kabla ya kurudia ombi, na apunguze kiasi, au arefushe muda akijua kuwa jumla ya riba itazidi, au, ikiwa ana mkopo wa sako, aumalize kwanza, kisha angoje hati mpya ithibitishe kwamba kato hilo limekoma.