Robo biti ya kila siku

Tuchukue kituo cha hali ya hewa kinachotuma taarifa moja kwa siku, tena kwa alama mbili tu, 0 na 1. Siku za huko tuseme zimegawanyika hivi: nusu ni za jua, robo za mawingu, thumuni za manyunyu na thumuni za mvua kubwa.

Mtumaji mvivu ataipa kila hali alama mbili na kulala. Mwenzake mjanja anaona jua ndilo linalojirudia, kwa hiyo anaandika 0 kwa jua, 10 kwa mawingu, 110 kwa manyunyu na 111 kwa mvua kubwa. Hakuna msimbo unaoanza kwa msimbo wa mwenzake, basi mpokeaji hababaiki. Wastani wake ni nusu mara 1, robo mara 2, thumuni mbili mara 3 kila moja: jumla 1.75.

Mwaka 1948 Claude Shannon, mwanahisabati wa Maabara za Bell huko Marekani, alithibitisha kwamba wastani huo una sakafu, nayo akaiita entropia. Kwa kituo chetu sakafu ni hiyohiyo biti 1.75. Jambo lenye uwezekano p linastahili biti -log2(p), kwa hiyo kadiri lilivyo adimu ndivyo habari yake inavyokuwa nzito. Entropia ni wastani wa uzito huo.

Na yule mvivu? Anatuma kana kwamba hali zote nne zina uwezekano sawa, na kwa imani hiyo analipa biti 2. Ile robo ya ziada ndiyo tofauti ya KL, iliyopewa jina la Solomon Kullback na Richard Leibler, walioandika juu yake mwaka 1951. Usiichukulie kama umbali. Ukiamini mvua kubwa haiwezekani kabisa, kisha ikanyesha, deni lako halina mwisho. Ukiitengea thumuni nayo isinyeshe kamwe, unapoteza kidogo tu.

Mashine inayojifunza kutabiri hupimwa vivyo hivyo. Kila siku huangaliwa uwezekano iliyoupa hali iliyotokea kweli, ikatozwa -log ya uwezekano huo. Wastani wa tozo, yaani hasara, ni entropia jumlisha tofauti ya KL. Entropia ni ya mawingu yenyewe, haishuki kwa mazoezi. Kinachoshuka ni KL peke yake.

Programu nyingi hutumia logi asilia, kwa hiyo sakafu ya biti 1.75 husomeka kama 1.21 hivi, na mashine isiyojua lolote kuhusu hali nne huanzia karibu na 1.39. Ikianza na 5, imezaliwa na uhakika usio na msingi: kagua namba za mwanzo. Ikishuka hadi 0.3 kwenye siku ilizofundishiwa huku hasara ya siku mpya ikipanda, imekariri kalenda.